Shauri Limekwisha, Jalada Lisitupwe

Jioni moja nilinunua karanga za kukaanga pale Mbagala Rangi Tatu, nikisubiri daladala. Muuzaji alinipa zikiwa ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nilipozimaliza niliifungua karatasi ile ili niikunje vizuri, ndipo nikaona muhuri wa bluu wa serikali ya mtaa. Juu yake palikuwa na sahihi tatu na alama moja ya dole gumba. Ilikuwa nakala ya kaboni ya makubaliano ya mauziano ya eneo: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, hatua 20 kwa 25, upande wa mashariki kupakana na mwembe.

Karatasi ile haikuwa ya muuza karanga, wala haikuwa ya mwenye ofisi aliyeitoa pamoja na lundo la karatasi nyingine ili apate nafasi kabatini. Ilikuwa ya watu wawili waliokwisha kupeana mkono miaka mingi iliyopita, wakaondoka wakiamini kwamba mtaa umewashuhudia na mtaa utakumbuka. Machoni mwa ofisi shauri lile lilikuwa limekwisha siku ileile lilipogongwa muhuri. Na kwa kuwa lilikwisha, mtu fulani aliona halina kazi tena.

Ndugu zangu wa Chamazi, Charambe, Toangoma, Bunju na Mabwepande, na ninyi wenyeviti, watendaji na wajumbe mnaotutumikia, nawaandikia kuhusu karatasi za namna hiyo. Nawaomba tukubaliane jambo moja: shauri likimalizika ofisini, halijamalizika kwa wenye shauri. Kabla karatasi haijatupwa, lazima pawe na mtu aliyekaa akajiuliza itahitajika hadi lini, akaandika jibu, akaweka sahihi.

Nakala ya tatu

Sehemu kubwa ya viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam vilinunuliwa kabla havijapimwa. Utaratibu wake tunaujua wote. Mnunuzi na muuzaji hukutana kwa mjumbe au kwenye ofisi ya mtaa, majirani wa mipaka huitwa, hatua huhesabiwa, fedha hutolewa, kisha makubaliano huandikwa na kugongwa muhuri. Mara nyingi huwa nakala tatu: moja ya mnunuzi, moja ya muuzaji na moja ya ofisi.

Watu wengi huthamini nakala yao tu na kuiona ile ya ofisi kama ziada, ingawa siku ya mgogoro ya ofisi ndiyo yenye uzito wa peke yake. Mnunuzi akitoa nakala yake, muuzaji anaweza kusema imeghushiwa, na mnunuzi naye anaweza kusema vivyo hivyo juu ya nakala ya muuzaji. Ile iliyokaa ofisini haikuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Ikisema hatua 20 kwa 25, ni vigumu kwa mtu kusema mwenzake aliongeza tarakimu usiku.

Naomba tusichanganye mambo hapa. Muhuri wa mtaa haugeuzi makubaliano kuwa hatimiliki, na hauponyi mauziano ya mtu aliyeuza kisicho chake. Lakini upimaji au urasimishaji unapofika mtaani, wanaohakiki huanza na maswali mawili mepesi: ulinunua kwa nani, na nani anajua? Makubaliano yale pamoja na majirani ndiyo majibu. Na majirani hufa au huhama, na mwembe wa mpakani hukatwa siku moja ili gari la mchanga lipite. Baada ya hapo karatasi inabaki shahidi wa peke yake.

Zinavyopotea

Ukiuliza kwa nini kumbukumbu za mtaa hazipo, utajibiwa mafuriko au moto. Ni kweli, maji yamefanya yake jijini kwetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwagawia viwanja Mabwepande watu waliotolewa mabondeni. Wapo waliofika huko na maji yamekwisha kuchukua kila karatasi waliyokuwa nayo, hivyo orodha ya nani alipewa kiwanja kipi ikawa ndiyo historia yao mpya.

Hata hivyo, upotevu mwingi hutokea siku ya jua kali, bila kelele. Hutokea uongozi unapobadilika. Tulichagua wenyeviti wa mitaa Novemba 2019, tukachagua tena tarehe 27 Novemba 2024. Ofisi nyingi za mitaa ni chumba cha kupanga au baraza la nyumba ya mtu. Mwenyekiti akishindwa au akifariki, daftari hubaki kabatini kwake, mjane hajui ni la nani, na wajukuu huchana kurasa kuwashia jiko. Daftari la mjumbe liko hatarini zaidi, kwa sababu mjumbe ni kiongozi wa chama, hivyo daftari lake halikuwa na mahali pa kukabidhiwa tangu mwanzo.

Hutokea pia mipaka ya utawala inapobadilika. Ubungo ilipotolewa Kinondoni na Kigamboni ilipotolewa Temeke, mtu aliyenunua Goba mwaka 2008 alijikuta ana karatasi yenye muhuri wa Kinondoni ilhali leo halmashauri yake ni Ubungo. Akienda Ubungo huulizwa kwa nini asiende Kinondoni, na Kinondoni humrudisha Ubungo. Hakuna aliyefuta jalada lake. Limekosa tu mtu wa kusema: hili ni letu, lipo reki ya pili.

Mabaraza ya kata nayo yako katika hali kama hiyo. Hadi mwaka 2021 yalikuwa na uwezo wa kuamua migogoro midogo ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliyaachia kazi ya kusuluhisha tu. Maamuzi yaliyotolewa kabla ya hapo hayakuyeyuka. Bado wapo watu wanaoishi ndani ya mipaka iliyowekwa na baraza mwaka 2010 au 2015. Majalada yale yakitupwa kwa hoja kwamba baraza haliamui tena, ugomvi uliokwisha utafufuliwa na yule aliyeshindwa, na aliyeshinda hatakuwa na cha kuonyesha.

Miaka mingapi?

Hapa ndipo tunapopaswa kukaa na kuhesabu badala ya kukisia. Sheria ya Ukomo wa Muda inatupa vipimo vya kuanzia. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Madai ya kurudisha ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12. Kwa hiyo ofisi inayotupa makubaliano ya kiwanja baada ya miaka 5, eti kwa sababu uongozi umemaliza muhula, imeyatupa wakati mlango wa mahakama bado uko wazi.

Je, miaka 12 inatosha? Tuchukue mfano. Mama mmoja ananunua eneo Chamazi mwaka 2006 kwa shilingi 1,500,000, analipa 1,000,000 siku ya kwanza na 500,000 baada ya miezi mitatu. Malipo yote mawili yanaandikwa ofisini. Mwaka 2012 muuzaji anafariki akiacha mtoto wa miaka 5. Mtoto anakua akisikia kwa ndugu kwamba baba hakuuza lile eneo, alimwazimisha tu yule mama alime mihogo.

Sheria humpa nafasi mtu ambaye haki ya kudai ilimwangukia akiwa bado mtoto: muda wake huanza kuhesabiwa anapofikisha umri wa utu uzima. Mtoto wetu anafikisha miaka 18 mwaka 2025. Ongeza 12, unafika 2037. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa mwaka 2006 inaweza kuitwa barazani miaka 31 baadaye. Kama madai hayo yana msingi ama hayana, hilo litapimwa na wenye mamlaka ya kuamua. Ninachosema ni kwamba mtendaji anayefagia kabati mwaka 2018 hana njia ya kujua kwamba mtoto yule yupo.

Tena ona kinachohitajika katika ugomvi huo. Makubaliano ya siku ya kwanza hayatoshi, kwa maana yanaonyesha milioni moja tu. Ile karatasi ndogo ya pili, ya shilingi 500,000, ndiyo inayothibitisha kwamba deni liliisha. Na hizo karatasi ndogo ndizo tunazozitupa kwanza.

Ndiyo maana naamini kumbukumbu za ardhi za mtaa zisipewe ukomo wa kutupwa. Zihamishwe tu: zitoke kwenye meza ya kazi ziende kwenye sanduku la majalada tuli, na baada ya miaka zitoke mtaani ziende masjala ya halmashauri, ambako kuna chumba, reki na mtu aliyesomea kazi hiyo. Hiyo ndiyo maana ya kuhifadhi. Jalada halisumbui tena wanaofanya kazi za leo, lakini ukilihitaji kuna daftari linalokuambia liko wapi.

Nchi yetu ina utaratibu huu tayari. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuharibiwa kwa utashi wa mtu mmoja ofisini. Panatakiwa ratiba inayosema kila aina ya kumbukumbu itunzwe muda gani, na idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kuteketeza. Idara hiyo ndiyo inayotunza majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Karani aliyeyaandika hakuwa akiandika historia. Alikuwa akimaliza kazi ya siku yake, barua za ardhi zikiwemo.

Vipo vya kuteketezwa

Sisemi tutunze kila kitu. Ofisi iliyojaa kila karatasi haina kumbukumbu, ina lundo, na ndani ya lundo hata kilichopo huwa kama hakipo. Zaidi ya hayo, ipo mitaa inayotunza vitu vinavyowaumiza watu kwa kutunzwa. Kuna maelezo ya ugomvi wa mke na mume uliosuluhishwa na kwisha, nakala za vitambulisho vya wapangaji waliohama zamani, na orodha za wagonjwa waliotembelewa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisishikiliwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Vitambulisho vya watu vikikaa kwenye boksi lisilofungwa, siku moja vitatumiwa na tapeli.

Basi kuna karatasi za kutunza daima, kuna za kutunza kwa muda, na kuna za kuteketeza. Barua ya utambulisho iliyompeleka kijana benki imekwisha kazi yake pale akaunti ilipofunguliwa. Nakala yake haihitaji kukaa miaka 30. Risiti za michango ya mtaa zinahitaji kukaa hadi hesabu zikaguliwe na muda wa madai upite. Makubaliano ya ardhi, maamuzi ya mipaka na mihutasari ya mikutano mikuu ya mtaa vikae.

Tofauti kati ya kuteketeza na kupoteza utaitambua kwa kitu kimoja: kinachobaki nyuma. Kumbukumbu ikiteketezwa inavyotakiwa, inabaki hati moja inayosema nini kiliteketezwa, cha miaka gani, kwa idhini ya nani, tarehe ngapi, mbele ya mashahidi gani. Mtu akija kuuliza, hujibiwa. Kumbukumbu ikipotea, kinachobaki ni mtu kuinua mabega. Na karatasi inayoteketezwa ichomwe au ichanwe isisomeke, isiuzwe kwa kilo.

Kufunga jalada

Kazi yenyewe haihitaji kompyuta. Inahitaji kauntabuku moja, kalamu ya wino usiofutika na saa chache za Jumamosi.

Shauri likimalizika, kurasa zote zipangwe kwa tarehe na zipewe namba, 1 hadi ya mwisho, kwenye pembe ya juu kulia. Namba hizo ndizo mlinzi wa jalada. Miaka 10 baadaye ukikuta ukurasa wa 14 unafuatiwa na wa 16, unajua kuna kitu kimenyofolewa. Bila namba, mwizi wa ukurasa haachi alama. Kisha pini na klipu za chuma ziondolewe, maana kwa unyevu wa pwani yetu hushika kutu na kula karatasi. Jalada lifungwe kwa uzi, na juu yake paandikwe: limefungwa tarehe fulani, kurasa kadhaa, litunzwe daima au hadi mwaka fulani. Mwaka huo uandikwe siku hiyohiyo na mtu anayelijua shauri, usiachiwe mgeni aukisie baadaye.

Baada ya hapo jalada liandikwe kwenye kauntabuku: namba, majina, jambo lenyewe, sanduku la ngapi. Kauntabuku isiwekwe ndani ya sanduku hilohilo, na nakala yake ipelekwe kata. Sanduku likae juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta, kwa sababu ya mchwa na maji ya mvua za masika. Tusifunge karatasi ndani ya mfuko wa plastiki tukidhani tunazilinda. Mfuko huzuia jasho lisitoke na ukungu huota ndani.

Jambo moja dogo limewaponza wengi: risiti za mashine hufifia. Karatasi yake huandikwa kwa joto, si kwa wino, na baada ya miaka michache hubaki nyeupe kama haikuwahi kuandikwa. Itolewe nakala ya fotokopi mapema, vyote viwili viwekwe pamoja.

Na simu zetu? Siku hizi malipo ya kiwanja hupita kwenye simu, na mazungumzo ya mipaka hufanyika kwenye makundi ya WhatsApp. Simu ikijaa tunafuta kwa mkupuo, na ujumbe wa malipo huondoka pamoja na picha za harusi. Kuna makundi yamewekewa ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya siku 7 au 90, na humohumo ndimo mtaa unamokubaliana nani atachangia barabara. Kuyaficha mazungumzo pembeni ni jambo moja, kuyafuta ni jingine. Kabla hujafuta, ule ujumbe wa malipo unakili kwa mkono pamoja na namba yake ya muamala, tarehe na kiasi, uweke kwenye bahasha ya kiwanja.

Ninachowaomba

Kwako mkazi mwenzangu: wiki hii toa bahasha ya kiwanja chako uikague. Je, kila awamu ya malipo ina karatasi yake? Kisha nenda ofisi ya mtaa ukaombe kwa upole kuonyeshwa nakala yao. Ikiwa haipo, bora ujue leo wakati muuzaji na majirani wangali hai, waweze kukaa tena mbele ya mtendaji na kuthibitisha kwa maandishi yale waliyoyashuhudia.

Kwenu wenyeviti na watendaji: uchaguzi wa 2024 umepita, na wa mwaka 2029 utafika. Msingoje wiki ya makabidhiano. Orodhesheni sasa vilivyopo, mkaisome orodha hiyo kwenye mkutano wa wakazi ili mtaa mzima ujue una majalada mangapi. Anayeondoka akabidhi kwa orodha, anayeingia apokee kwa orodha, wote wawili wasaini, na mtendaji wa kata abaki na nakala.

Kwenu familia za waliowahi kuwa wenyeviti na wajumbe: tunajua baba au mama alitunza daftari zile kwa uaminifu, pengine kuliko ofisi yenyewe ingeweza. Tafadhali msizichome. Zirudisheni, mkaandikiwe barua ya kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mtaa lina mali za watu wengi.

Ile karatasi ya karanga niliirudisha katika mtaa ulioandikwa kwenye muhuri. Mtendaji niliyemkuta alikuwa mgeni pale na hakuwajua wahusika. Aliinyoosha kwa kiganja, akaisoma yote, akanyamaza kidogo. Kisha akatuma mtoto dukani akalete kauntabuku. Ilipokuja alipiga mistari minne kwa rula, akaandika majina ya wale watu wawili, akaandika hatua 20 kwa 25, na kwenye safu ya kwanza akaweka namba 1.